Saa nane na nusu ya lini?

Simu inalia mapokezi katika nyumba ya wageni jijini Dar es Salaam. "Dada, naomba chumba cha siku tatu. Nafika Jumamosi tarehe 14 saa nane na nusu, naondoka Jumatatu." Mhudumu anaandika: Jumamosi, mchana, usiku mbili. Wanaagana kwa furaha, kila mmoja akiamini wameelewana.

Kumbe ndege ya mgeni inatua 02:30, yaani saa nane na nusu usiku. Mhudumu hakushtuka kwa sababu wageni wengi huanza kupewa vyumba saa nane mchana. Mgeni atabisha hodi usiku wa kuamkia Jumamosi na kukuta chumba chake kimelaliwa na mtu mwingine.

Kosa la namna hii huzuiwa na karatasi ya maswali inayokaa kando ya simu, pamoja na daftari la vyumba. Mhudumu huifuata kwa mpangilio uleule kila mara, hata mpigaji akianza kueleza yake katikati.

Baada ya salamu na kujitambulisha, swali la kwanza ni: "Utafika siku gani, na ni tarehe ngapi?" Siku na tarehe huulizwa pamoja ili moja iisahihishe nyingine; mgeni akisema Jumamosi tarehe 15 ilhali kalenda inaonyesha Jumapili, kosa linaonekana papo hapo. La pili: "Utafika hapa kwetu saa ngapi, mchana au usiku?" Akijibu saa yoyote kati ya saa sita usiku na alfajiri, mhudumu anauliza la ziada: "Ni usiku wa kuamkia siku gani?"

Maneno hayo "kuamkia" yana kazi kubwa. Kwa wazee wengi wa pwani siku mpya huingia magharibi, hivyo usiku wa Jumamosi kwao ni ule unaofuata mchana wa Ijumaa. Kwa wengine ni ule unaofuata mchana wa Jumamosi. Ukisema usiku wa kuamkia Jumamosi, wote wanauelewa usiku mmoja.

Swali la tatu ni tarehe ya kuondoka, kisha mhudumu mwenyewe anahesabu usiku. "Siku tatu" haitoshi, kwa sababu Jumamosi, Jumapili na Jumatatu ni siku tatu, lakini kati yake mna usiku mbili tu. Kwa mgeni wetu, chumba lazima kishikwe kuanzia Ijumaa tarehe 13, na usiku unakuwa tatu. Kama bei ni shilingi 60,000 kwa usiku, malipo ni 180,000, wala si 120,000. Ni afadhali ajue hivyo akiwa kwenye simu kuliko akiwa mlangoni na mabegi.

Yanayobaki ni mafupi. Watalala wangapi, na wanataka kitanda kimoja kikubwa au vitanda viwili? "Chumba cha watu wawili" huweza kuwa chochote kati ya hivyo, na kaka na dada yake hawatapenda kubahatisha. Jina la atakayelala huandikwa herufi kwa herufi, maana Hamisi na Khamis hawapatikani mahali pamoja daftarini. Namba ya simu husomwa tarakimu mojamoja, kwa utulivu, hasa penye sita na tisa, ambazo husikika kwa kufanana laini ikikwaruza.

Kisha mhudumu anarudia yote, akisimama kidogo baada ya kila jambo: "Naomba nikusomee nilichoandika, unikatize nikikosea. Unafika usiku wa kuamkia Jumamosi tarehe 14, saa nane na nusu. Unaondoka Jumatatu tarehe 16. Hizo ni usiku tatu, kitanda kimoja kikubwa, jumla shilingi 180,000." Kumaliza kwa "sawa?" hakusaidii sana, kwani watu wengi huitikia "sawa" kwa adabu tu. Ni bora kumwachia mgeni jambo la kutamka mwenyewe: "Na tarehe ya kuondoka uliniambia ngapi?" Akisita, au akijibu tofauti, mhudumu anarudi kwenye swali la kwanza kabla ya kuandika chochote daftarini kwa wino.

Mwisho ni ujumbe mfupi unaotumwa mgeni akiwa bado hewani, naye anaombwa aufungue na kuusoma. Una jina lake, tarehe mbili, saa ya kufika ikiandikwa "saa 8:30 usiku (02:30)", idadi ya usiku, bei, na siku ambayo chumba kitaachiwa kama kianzio hakijalipwa. Nakala ya saa hiyo huandikwa pia kwenye daftari la mlinzi wa zamu ya Ijumaa usiku, kwa kuwa ndiye atakayefungua geti.