Gunia Ulilonunua Si Gunia Utakalouza: Jitengenezee Hesabu ya Mahindi kwenye Excel

Msimu wa mavuno ukifika, wateja wetu wengi wa Mabanga, Bungoma hadi Kitale hununua mahindi kwa wakulima, wakayaanika na kuyauza kwa wenye vinu. Malipo yanapita kwa simu, meseji zinaingia, kila kitu kinaonekana kiko sawa. Lakini mwisho wa safari mtu anajiuliza: mbona pesa imepungua na niliuza bei ya juu kuliko niliyonunua?

Mara nyingi jibu liko kwenye maji. Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB) hupokea mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na wenye vinu wengi nao hutaka yaliyokauka hivyo hivyo. Ukinunua yakiwa na asilimia 18, umelipia maji ambayo jua litayachukua. Kwa hivyo gharama yako igawanywe kwa magunia utakayouza, si yale uliyonunua.

Leo tutatengeneza faili moja ya Excel inayofanya hesabu hiyo. Ukiitengeneza mara moja, safari nyingine unabadilisha bei na idadi tu. Kisha tutaikagua kwa karatasi na kalkuleta, kwa sababu Excel haikuambii kama ulichoiuliza kina maana.

Sehemu ya kwanza: seli za kujaza

Fungua karatasi mpya. Safu ya A andika majina, safu ya B andika namba. Zipake seli hizi za B rangi ya manjano ili ukumbuke kuwa hizi ndizo pekee za kubadilisha. Bei tulizoweka ni za mfano, wewe weka za soko lako.

- B2: magunia ya kununua (ya kilo 90): 40
- B3: bei ya kununua gunia: 3000
- B4: unyevu wakati wa kununua: 18
- B5: unyevu wakati wa kuuza: 13.5
- B6: kuanika, kupakia na gunia tupu, kwa kila gunia: 150
- B7: kukodi pikapu, safari nzima: 6000
- B8: idadi ya wakulima unaowalipa: 16
- B9: ada ya kutuma kwa kila malipo: 80
- B10: bei ya kuuza gunia: 3450

Ada ya B9 itoe kwenye meseji za malipo yako, usikisie. Kama kiasi unachomtumia kila mkulima kinatofautiana sana, ada nazo zitatofautiana. Basi jumlisha ada zote za safari iliyopita, gawanya kwa idadi ya malipo, uweke wastani.

Sehemu ya pili: seli za hesabu

Hizi usizipake rangi, na usiandike bei yoyote ndani yake. Kila namba itoke kwenye seli za manjano.

```
B13  =B2*(100-B4)/(100-B5)
B14  =B2*(B3+B6)+B7+B8*B9
B15  =B14/B13
B16  =B13*B10-B14
```

B13 ni magunia yatakayobaki baada ya kukauka. B14 ni gharama yote. B15 ni gharama ya gunia moja kavu. B16 ni faida, na ikiwa na alama ya kutoa mbele, ni hasara.

Kwa mfano wetu utapata magunia 37.92, gharama yote shilingi 133,280, na gharama ya gunia kavu shilingi 3,515. Ukiuza 3,450, B16 inaonyesha hasara ya shilingi 2,459. Mtu aliyegawanya kwa magunia 40 angepata gharama ya 3,332 na kuondoka akijua amepata 118 kwa kila gunia.

Sasa chukua kalamu

Usirudie fomula ile ile kwenye kalkuleta, maana utarudia kosa lile lile. Pitia njia nyingine, kwa kilo.

Magunia 40 mara kilo 90 ni kilo 3,600. Unyevu ukiwa 18, kila kilo 100 zina kilo 82 za mahindi yenyewe, na zilizobaki ni maji. Kwa hivyo una kilo 2,952 za mahindi yenyewe, na hizo jua haliziondoi. Yakishakauka, kila kilo 100 zitakuwa na 86.5 za mahindi yenyewe. Gawanya 2,952 kwa 86.5, zidisha kwa 100, unapata kama kilo 3,413. Gawanya kwa 90: magunia 37.9. Imekubaliana na B13.

Ukaguzi huu unanasa kosa moja linalotokea kirahisi sana. Ukiandika 18% badala ya 18, na 13.5% badala ya 13.5, Excel huhifadhi 0.18 na 0.135. Fomula itaendelea kufanya kazi bila kulalamika, B13 itasoma 39.98, na B16 itakuonyesha faida ya kama shilingi 4,658. Hasara imegeuka faida kwa sababu ya alama moja. Kwenye skrini hakuna chochote chekundu. Ni karatasi yako tu itakayosema kwamba kilo karibu 190 za maji hazikutolewa.

Baada ya hapo fanya majaribio mawili ya haraka. Kwanza, weka B4 iwe 13.5 kama B5. Hakuna maji ya kupoteza, kwa hivyo B13 lazima isome 40 kamili. Pili, rudisha 18, kisha punguza magunia yawe 20 na wakulima wawe 8. Pikapu bado ni 6,000 lakini sasa inabebwa na magunia machache, kwa hivyo B15 inapaswa kupanda hadi kama 3,673. Ikibaki pale pale, kuna mahali uliandika namba ndani ya fomula. Bonyeza Formulas, halafu Show Formulas, uone ni wapi.

Kutumia hesabu kabla ya kununua

Rudisha namba za mwanzo, kisha punguza B3 kidogo kidogo hadi B16 ikaribie sifuri. Kwa mfano wetu utafika 2,938, ambapo unabaki na kama shilingi 21 tu kwa safari nzima. Hiyo ndiyo bei ya mwisho ya kumpa mkulima kwa mahindi ya unyevu huo. Akija mwingine na mahindi ya 15, badilisha B4 na utaona unaweza kumlipa zaidi.

Faili hii ina mipaka. Inachukua unyevu mmoja kwa wakulima wote 16, na haijui mahindi yaliyomwagika, yaliyoliwa na wadudu au yaliyokataliwa kwa kuoza. Kwa hivyo mizani ndiyo ukaguzi wa mwisho. Pima mzigo mzima baada ya kuanika. Ukipata kilo 3,360 badala ya 3,413, hizo 53 hazikuwa maji ya hesabu. Ama unyevu ulikuwa juu kuliko ulivyopima, ama umeanika kupita kiasi, ama kuna mahali mahindi yanapotelea. Andika tofauti hiyo kando ya faili, na safari ijayo itoe kwenye magunia kabla hujakubaliana bei.