Nukta Zinazochora Bamba Linalozama

Chukua mchoro wa mkato wa ardhi chini ya kaskazini mashariki mwa Japani, ule unaochorwa na wataalamu wa matetemeko kwa ajili ya kazi yao wenyewe. Kulia ni Bahari ya Pasifiki, katikati ni kisiwa cha Honshu, kushoto ni Bahari ya Japani. Chini yake zimetapakaa nukta. Kila nukta ni tetemeko moja lililowekwa pale lilipoanzia. Hakuna aliyechora bamba humo, lakini nukta zimejipanga zenyewe katika mkanda ulioinama, unaoanza chini ya Pasifiki na kuteremka kuelekea magharibi mpaka kina cha karibu kilomita 600, si mbali na pwani ya Urusi. Mkanda huo ndio bamba linalozama. Vitabu vya shule hutuanzishia na mishale mikubwa na rangi nyekundu, na nadhani hapo ndipo msomaji anapopotea, kwa kuwa ushahidi wenyewe uko kwenye nukta.

Mjapani Kiyoo Wadati ndiye aliyethibitisha, mwaka 1928, kwamba yapo matetemeko yanayoanzia mamia ya kilomita chini ya ardhi. Katika miaka ya 1930 aliendelea kuonyesha kwamba vina hivyo vinaongezeka kwa utaratibu kadiri mtu anavyotoka Pasifiki kwenda bara la Asia. Nadharia ya mabamba ilikubalika mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo Wadati aliuona mteremko kabla ya kujulikana ni kitu gani kinachoteremka. Leo mkanda huo unaitwa kwa jina lake na la Mmarekani Hugo Benioff.

Kabla ya kwenda ndani, tazama vipimo vya pembeni. Tuseme ukurasa una upana wa sentimita 20 na unaonyesha kilomita 1,000. Basi sentimita moja ni kilomita 50. Mtaro wa Japani, ambao una kina cha zaidi ya mita 7,000, utaonekana kama kibonyeo cha milimita moja na nusu hivi. Mlima Iwate, volkano yenye urefu wa mita 2,038, hautafika hata nusu milimita. Ndiyo maana michoro mingi huivuta milima na mitaro iende juu na chini mara kadhaa kuliko ilivyo. Kufanya hivyo si kosa, mradi msomaji aambiwe. Kipimo cha wima kikivutwa hivyo kwa mchoro mzima, mteremko wa digrii 30 huonekana kama ukuta uliosimama, na pembe utakayoipima kwa rula haitakuwa na maana yoyote.

Sasa tuanze kulia. Bamba la Pasifiki linakuja kutoka mashariki kwa mwendo wa takriban sentimita 8 kwa mwaka. Ni sakafu ya bahari yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 100, na katika muda huo imepoa na kuwa nzito. Inapofika mtaroni inajikunja na kuingia chini ya Honshu. Mtaro, basi, ni mstari ambapo bamba moja linaanza kupita chini ya jingine.

Kutoka mtaroni kwenda pwani, nukta ziko karibu na uso wa dunia, nyingi zikiwa juu ya kilomita 60. Hapa mabamba mawili yamegusana na kushikana. La chini linaendelea kuvutwa, la juu linaburutwa nalo kwa miaka mingi, kisha mshiko unaachia. Tarehe 11 Machi 2011 uliachia kwa tetemeko la kipimo cha 9.0, lililoanzia kina kisichofika kilomita 30. Karibu na mtaro, sakafu ya bahari ilisogea takriban mita 50 kuelekea mashariki na kuinuka pia, na maji yaliyokuwa juu yake yakawa tsunami.

Fuata mkanda zaidi kushoto. Kilomita 270 hivi kutoka mtaroni, juu ardhini, unakutana na Mlima Iwate. Teremsha mstari wima kutoka kileleni hadi uguse mkanda wa nukta: utasoma kina cha karibu kilomita 100. Rudia kwa volkano nyingine za mstari huo huo wa mbele, kaskazini na kusini yake, na jibu halitatofautiana sana. Wengi hudhani kwamba bamba limefika kwenye moto na kuyeyuka. Sivyo. Bamba bado ni baridi kuliko mawe yanayolizunguka. Limebeba maji ya bahari yaliyofungwa ndani ya madini yake, na kwa shinikizo na joto la kina hicho madini yanayaachia. Maji hayo hupanda na kuingia katika mawe moto yaliyo juu ya bamba, na mawe yenye maji huyeyuka kwa joto dogo kuliko makavu. Huo ndio mwanzo wa magma ya Iwate. Kwa mwendo wa sentimita 8 kwa mwaka, kipande cha sakafu kilichoingia mtaroni huhitaji karibu miaka milioni nne kufika chini ya mlima.

Angalia pia eneo lililo kati ya mkanda na volkano. Chini ya gamba la nchi kavu, karibu halina nukta. Mawe yake ni moto mno kuvunjika. Yanajikunja polepole kama nta iliyopashwa. Nukta hufuata ubaridi, na ndiyo sababu mkanda unaweza kuteremka hadi mamia ya kilomita: bamba linazama upesi kuliko linavyopata moto. Hata hivyo nukta hizo za kina hazitokani na mabamba kusuguana. Kati ya kilomita 70 na 150 hivi, wataalamu wa Tohoku waliona mkanda ukigawanyika kuwa safu mbili zinazoteremka sambamba, moja ikiwa kilomita 30 hadi 40 chini ya nyingine. Safu ya pili iko ndani kabisa ya bamba, ambako hakuna mpaka wa kusuguana nao.

Si kila nukta ya kuaminiwa sawasawa. Ukiona nukta nyingi zimelala kwenye mstari ulionyooka katika kilomita 10 au 33, usitafute ufa hapo. Pale vipimo vinaposhindwa kuonyesha kina, orodha za matetemeko huweka mojawapo ya tarakimu hizo mpaka ipatikane bora.

Mchoro huu pia haufai kuwekwa chini ya Kilimanjaro au Oldonyo Lengai. Afrika Mashariki ardhi inatanuka na kupasuka, hakuna bamba linalozama, na mkato wake huonyesha nukta zilizobaki katika makumi machache ya kilomita za juu. Mtaro unaotuhusu uko ng'ambo ya Bahari ya Hindi, mbele ya Sumatra. Tetemeko la 26 Desemba 2004 lilianzia huko, kwenye kina cha kilomita 30 hivi, na mawimbi yake yaliua watu mpaka Somalia, Kenya na Tanzania. Miaka miwili na nusu kabla yake, mwaka 2002, tetemeko la kipimo cha 7.3 lilitokea kilomita 566 chini ya mpaka wa Urusi na China bila kuleta tsunami yoyote. Kwa hiyo habari za tetemeko la baharini zikitangazwa, usiishie kwenye ukubwa wake. Uliza pia kina, na umbali wake kutoka mtaroni.