Mkopo kwa 18%, akiba kwa 5%

Mwenye mashine ya kusaga nafaka analipa milioni 10 leo na milioni 2.36 mwakani kwa ajili ya kufunga umeme. Mwaka wa pili anavuna milioni 8, wa tatu milioni 12. Kipimo cha kawaida, IRR, kinampa asilimia 22.2. Namba hiyo inapendeza, lakini inachukulia kwamba zile milioni 8 zitakaa mahali zikizaa asilimia 22.2 pia. Mahali hapo pako wapi, ikiwa benki inampa 5 kwa akiba na kumtoza 18 kwa mkopo?

MIRR hutenganisha viwango hivyo viwili. Gharama ya mwakani inarudishwa leo kwa 18%, inakuwa milioni 2, hivyo mtaji ni milioni 12. Mapato yanapelekwa mwisho wa mwaka wa tatu kwa 5%: milioni 8 zinakuwa 8.4, ukijumlisha 12 unapata 20.4. Kutoka 12 hadi 20.4 kwa miaka mitatu ni ukuaji wa 19.3% kwa mwaka.

Kwenye Excel, gharama ziandikwe kwa alama ya kutoa, na kiwango cha mkopo kitangulie:

```
=MIRR(B2:B5,18%,5%)
```

Ukivigeuza viwango, utapata 20.5% bila onyo lolote.

Je, milioni 8 zikipunguza deni badala ya kulala benki? Hapo zinaokoa riba ya 18%, na jibu la haki linapanda hadi 21.3%.