Juu ya nini video ya zamani inametameta kisha kukuzwa?

Umepeleka kasete ya ndoa ya mwaka 1998 kwa ordinateri ili picha ikuwe kubwa na safi. Ukisimamisha video, kila picha ni nzuri. Ukiiacha itembee, maua ya kikwembe cha bibi arusi yanatetemeka. Shida iko wapi?

Kasete kama hiyo ina picha 25 kwa sekunde. Programu inakuza kila moja peke yake, na vidoti ambavyo havikuwamo inavikisia. Lakini chembechembe za kasete hazifanani toka picha moja mpaka ingine, basi makisio nayo yanabadilika: ua lilelile linakuwa na ukingo mweusi hapa, mweupe pale.

Dawa ni kuangalia picha za jirani. Programu inapima kila sehemu imesogea wapi, inasogeza picha iliyotangulia ifwate mwendo huo, kisha inachanganya zote mbili. Makisio yanatulia.

Lakini mtu akipita mbele ya bibi arusi, kile anachofunua nyuma yake hakikuonekana katika picha iliyotangulia. Pale programu inapaswa kuacha kuchanganya. Isipoacha, utaona kivuli kinamfwata yule mtu.