Mapaa ya Mau Narok Kutoka Juu: Namna ya Kuiagiza Picha

Makala haya yananuia kueleza jinsi ya kuuagiza mtambo wa akili unde uchore nyumba chache za Mau Narok, kana kwamba zimepigwa picha kwa droni, na mwenyeji azitambue. Tuliihitaji picha hiyo kwa jalada la kijitabu cha hadithi zilizokusanywa huko. Agizo letu la kwanza lilikuwa fupi: "kijiji cha Mau Narok kutoka juu". Tukaletewa vigae vyekundu na barabara za lami, mtaa wa ng'ambo uliopachikwa mlimani. Palipo na pengo katika maelezo, mtambo huliziba kwa kile ulichokiona kwa wingi.

Tuanze na paa. Neno lenyewe lina utata, kwani paa ni la nyumba, ni mnyama, na ni kitendo cha kuruka angani. "Mapaa ya mabati" haliachi shaka. Tulipoongeza "bila vigae", vigae vilirudi, kwa kuwa kulitaja jambo ni kulialika. Tukaandika tulichokitaka: "mapaa ya mabati yenye miteremko miwili, machache mapya yanayong'aa, mengine yenye kutu, yasiyotoshana".

Suala gumu zaidi ni kipimo. Droni ndogo ya kawaida ikitazama chini wima huona upana wa ardhi unaokaribia mara moja na nusu ya kimo chake. Kwa hiyo kutoka mita 60 huona takriban mita 90, na nyumba ya mita 9 huchukua sehemu moja ya kumi ya upana wa picha. Hata hivyo, mtambo hauna futi kamba. Ukiandika "mita 60" pekee hubahatisha. Ulinganisho hufaa zaidi: "pikapu imeegeshwa kando ya nyumba, urefu wake kama nusu ya nyumba". Kisha hesabu mabati. Bati moja la kawaida, likipandana na jirani yake, hufunika takriban sentimita 76, hivyo nyumba hiyo huezekwa kwa mabati kama 12 kila upande. Picha ikionyesha mistari mitano minene, hicho ni kibanda kilichokuzwa.

Kuhusu njia, tuliagiza "barabara moja ya changarawe, kijia kinachofika kwenye lango la kila boma, mashamba ya viazi yenye matuta yaliyonyooka". Kosa la kutafuta hapa ni kijia kinachoishia ukutani.

Mwisho ni vivuli. Mau Narok iko kusini kidogo tu mwa ikweta. Saa tatu asubuhi vivuli huelekea magharibi, yaani kushoto iwapo kaskazini iko juu ya picha. Picha yetu ya tatu ilikuwa nzuri mno, lakini mti mmoja ulitupa kivuli kulia. Tukaiacha. Ya nne ilikubalika, na ndani ya jalada tukaandika kuwa ni ya kubuni.