Tangazo Hununuliwa, Habari Huombwa

Linganisha uhusiano wa umma na matangazo ya biashara kwa kuzingatia kuaminika, udhibiti na gharama. Alama sita. Wanafunzi wengi wa masoko na uandishi wa habari hulijibu swali la namna hii kwa kupiga mstari katikati ya karatasi. Upande mmoja wanaandika kwamba tangazo haliaminiki, linadhibitiwa, tena ni ghali. Upande wa pili, uhusiano wa umma unaaminika, haudhibitiki na ni bure. Hilo la bure si kweli. Na hayo mengine, yakiachwa yalivyo, hayamwonyeshi msahihishaji kama mwanafunzi anajua sababu, ilhali mambo haya matatu yana chanzo kimoja: nani mwenye kauli ya mwisho juu ya ujumbe.

Tuseme kiwanda kinatoa sabuni mpya. Kikinunua nusu ukurasa gazetini, maneno ni yake, picha ni yake, siku ya kutoka ni yake, na kikitaka tangazo lirudiwe kila Jumatatu kwa miezi miwili, litarudiwa mradi kinalipa na hakivunji sheria. Afisa uhusiano wa kiwanda hichohicho akituma taarifa kwa vyombo vya habari, taarifa hiyo inatua mezani kwa mhariri. Mhariri anaweza kuiweka kando. Anaweza kukata aya nane zikabaki mbili, na jina la mkurugenzi lililokuwa juu kabisa likashushwa chini au likafutwa. Anaweza pia kumtuma mwandishi akawaulize akina mama wanaofua kwa sabuni hiyo kama inawawasha mikono. Yote hayo kiwanda hakina uwezo wa kuyazuia.

Ndiyo maana habari ikichapishwa inabeba uzito ambao tangazo halina. Msomaji anajua kwamba mhariri hakulipwa kuisema, na kwamba angeweza kukataa. Kiwanda kimeachia udhibiti, kikapata mtu wa pembeni anayekisemea. Kwenye tangazo kimebaki na udhibiti wote, lakini kila mtu anajua kinajisemea chenyewe.

Mfano unaoonyesha jambo hili vizuri ni wa Marekani, mwaka 1982. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo, watu saba katika eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol, dawa ya maumivu yenye parasetamoli iliyokuwa ikiongoza sokoni. Mtu ambaye mpaka leo hajapatikana alikuwa ametia sumu ya sayanidi ndani ya vidonge hivyo. Kampuni mama ya mtengenezaji, Johnson & Johnson, ilikuwa na fedha za kutosha kununua kurasa za magazeti nchi nzima. Badala yake ilisimamisha matangazo ya Tylenol. Kwa wakati ule, maneno ya kampuni kuisifia dawa yake yasingemtuliza mtu yeyote, na huenda yangewaudhi watu walio katika msiba.

Kazi ikahamia upande wa uhusiano wa umma. Kampuni iliwaonya watu wasitumie dawa hiyo, ikafungua laini ya simu ya kupigwa bure, ikajibu waandishi, na ikaagiza chupa zipatazo milioni 31 zirudishwe kutoka madukani. Mkuu wa kampuni, James Burke, alijitokeza mwenyewe kwenye televisheni kuulizwa maswali asiyoyachagua. Mwezi Novemba dawa ilirudi katika kifungashio kipya chenye kinga tatu: boksi lililogundishwa, mkanda wa plastiki shingoni mwa chupa na utando mdomoni. Kifungashio hicho kilitangazwa kwa mkutano na waandishi uliorushwa kwa setilaiti hadi miji kadhaa. Habari ziliandikwa na magazeti na vituo ambavyo havikuwa na sababu ya kuibeba kampuni, na kwa hiyo ziliaminika. Sehemu ya soko, iliyokuwa zaidi ya theluthi moja na kuporomoka hadi chini ya sehemu moja ya kumi, ilirudi kwa kiasi kikubwa ndani ya mwaka mmoja hivi.

Lakini kisa hichohicho kinaonyesha ubaya wa kukosa udhibiti. Mwanzoni kampuni iliwaambia waandishi kwamba viwandani mwake hamna sayanidi. Baadaye ikabainika kuwa kiasi kidogo kilikuwa kikitumika maabara kupimia ubora, na ikabidi kauli ya kwanza isahihishwe hadharani. Tangazo lenye kosa unalitoa kesho yake. Kauli kwa waandishi ikishatoka haishikiki tena, na wao ndio wanaoamua kosa lako lipewe nafasi kiasi gani. Kilichoiokoa kampuni hapo ni kukiri mapema.

Kisha kuna gharama. Uhusiano wa umma hauna bei ya nafasi: gazeti halikutozi habari yako ikitoka ukurasa wa tatu. Ila kuna mishahara ya maofisa uhusiano, nauli, ukumbi, picha, na muda mrefu wa kujenga ujuzi na wahariri. Katika kisa cha Tylenol, kurudisha chupa pekee kulikadiriwa kuigharimu kampuni zaidi ya dola milioni 100, na bila kitendo hicho waandishi wasingekuwa na habari njema ya kuandika. Kwa hiyo kwenye tangazo unalipia nafasi na kurudiarudia, na unajua tangu mwanzo utapata nini. Kwenye uhusiano wa umma unalipia kazi na vitendo, bila hakika kwamba mstari hata mmoja utachapishwa.

Na hapa kwetu kuna jambo ambalo mwanafunzi makini hapaswi kulipita. Taasisi inapowapa waandishi bahasha ili habari itoke ilivyotaka, inakuwa imenunua udhibiti kwa mlango wa nyuma. Msomaji akishaitambua habari ya namna hiyo (sifa tupu, hakuna swali hata moja gumu, hakuna sauti ya mtu wa nje) anaisoma kama tangazo. Uhusiano wa umma hauaminiki kwa asili yake. Unaaminika pale tu chombo cha habari kilipokuwa huru kukataa.

Jibu la alama sita, basi, linaweza kuandikwa hivi:

"Katika matangazo ya biashara, kampuni hulipia nafasi au muda, hivyo hudhibiti maneno, wakati na idadi ya marudio, katika uhusiano wa umma, uamuzi wa kuchapisha na namna ya kuandika hubaki kwa mhariri. Kwa sababu hiyo, uhusiano wa umma huaminika zaidi, maana ujumbe hutolewa na mtu asiyelipwa kuusema, ilhali tangazo hujulikana kuwa ni sauti ya mwenye bidhaa. Kwa upande wa gharama, uhusiano wa umma hauna malipo ya nafasi lakini si bure, kwani una gharama za watumishi, shughuli na muda, na matokeo yake hayana hakika. Tangazo kwa kawaida ni ghali zaidi, lakini mlipaji ana hakika ya kupata nafasi aliyoilipia."

Kila kigezo hapo kinazigusa pande zote mbili, na neno "hivyo", "maana" au "kwani" linatoa sababu. Anayeeleza kwanza matangazo yote aya nzima, kisha uhusiano wa umma aya nzima, ametoa maelezo mawili na kumwachia msahihishaji kazi ya kulinganisha. Fasili ndefu za mwanzoni pia hula muda bila kuleta alama, kama swali halikuziomba. Nafasi ikibaki, ongeza mstari mmoja wa Tylenol: matangazo yakasimamishwa, waandishi wakajibiwa, soko likarudi.