Eneo la Kiwanja Chenye Mpaka Uliopinda: Kutoka Picha ya Mchoro hadi Mita za Mraba

Kiwanja ambacho upande wake mmoja unafuata kijito hakipimiki kwa kuzidisha urefu kwa upana, kwa kuwa hakina upana mmoja. Wapimaji wa kamba hulitatua tatizo hilo kwa kutandaza mstari mmoja ulionyooka, uitwao mstari wa msingi, kando ya upande ulio rahisi kupitika. Kila baada ya umbali fulani kwenye mstari huo hupimwa urefu hadi mpakani, kwa pembe mraba. Vipimo hivi vya pembeni huandikwa kwenye mchoro wa mkono, na siku hizi mchoro wenyewe hupigwa picha kwa simu na kutumwa kwa anayekokotoa. Huyo huenda hajawahi kukanyaga kiwanja chenyewe.

Jambo la kwanza analopaswa kujua ni kwamba picha ni ya kusoma namba, si ya kupimia. Simu ikiinama hata kidogo, sehemu ya karatasi iliyo karibu nayo huonekana kubwa na ya mbali huonekana ndogo, hivyo rula ikiwekwa juu ya picha haitatoa uwiano wa kweli. Isitoshe, mchoro wa shambani kwa kawaida haukuchorwa kwa skeli. Hubeba umbo kwa makisio na vipimo kwa tarakimu, na tarakimu ndizo zinazoaminika. Umbo lina kazi yake, lakini ni ya kukagua.

Tuseme ni bustani ya mboga bondeni Lushoto, inayopakana na barabara iliyonyooka upande mmoja na kijito upande mwingine. Mstari wa msingi unafuata barabara. Mchoro unaonyesha kwamba kwenye mita 0 kipimo cha pembeni ni 18.4, kwenye 10 ni 22.0, kwenye 20 ni 26.6, kwenye 30 ni 28.2, kwenye 40 ni 25.8, kwenye 50 ni 21.4 na kwenye 60 ni 15.6. Barabara inaishia kwenye mita 64, na hapo kipimo ni 9.0.

Kati ya kila vipimo viwili vinavyofuatana kuna kipande chembamba cha ardhi. Vipimo hivyo viwili ni sambamba, na mkunjo wa kijito ukichukuliwa kuwa mstari mnyoofu kwa mita hizo chache, kipande kinakuwa trapeza. Eneo la trapeza ni wastani wa pande zake mbili zilizo sambamba, ukizidishwa kwa umbali ulio kati yao. Kipande cha kwanza ni nusu ya 18.4 na 22.0, yaani 20.2, mara 10: mita za mraba 202.

Vipande sita vya kwanza vina umbali uleule, kwa hiyo hakuna haja ya kuvikokotoa kimoja kimoja. Kila kipimo cha katikati hutumika mara mbili, mara moja kwa kipande kilicho kushoto kwake na mara moja kwa kilicho kulia, na kila mara kwa nusu; huhesabiwa kikamilifu. Vipimo vya mwanzo na mwisho hutumika mara moja tu, hivyo huhesabiwa nusu. Nusu ya 18.4 na 15.6 ni 17.0. Jumla ya vipimo vitano vya katikati ni 124.0. Vikijumlishwa ni 141.0, na mara 10 ni mita za mraba 1,410.

Hapo ndipo mtu mwenye haraka hupotea. Akichukua wastani wa kawaida wa vipimo vyote saba na kuuzidisha kwa 60, atapata takriban 1,354, pungufu kwa mita za mraba 56, kwa sababu ncha mbili fupi zimepewa uzito sawa na katikati.

Kipande cha mwisho kina upana wa mita 4 tu, na lazima kikokotolewe peke yake: wastani wa 15.6 na 9.0 ni 12.3, mara 4 ni 49.2. Aliyezoea kumi-kumi akikipa mita 10 atakiandika 123, na kiwanja kitaongezeka karibu mita za mraba 74 ambazo hazipo. Hivyo umbali wa kila kituo usomwe kwenye picha kabla ya kuanza kuzidisha, na namba ya mwisho ilingane na urefu mzima wa mstari wa msingi. Kama hailingani, huenda picha imekata ukingo wa karatasi. Jumla ya kiwanja hiki, basi, ni mita za mraba 1,459.2.

Namba iliyosomwa vibaya hugunduliwa kwa kutazama tofauti za vipimo vinavyofuatana. Hapa mpaka unaongezeka kwa 3.6, 4.6 na 1.6, kisha unapungua kwa 2.4, 4.4 na 5.8, mwendo wa kijito kinachopinda polepole. Mwandiko wa 1 ukidhaniwa kuwa 7, ile 21.4 inakuwa 27.4, na eneo linazidi kwa mita za mraba 60. Lakini tofauti zinageuka ghafla: kuongezeka 1.6, kisha kushuka 11.8. Umbo la mchoro litaonyesha kama kuna kona ya namna hiyo. Kama hakuna, namba ndiyo yenye shaka, na dawa ni kumwuliza aliyepima, si kuisahihisha kwa kubahatisha.

Hata namba zikiwa sahihi, trapeza zenyewe zina upungufu. Pale mpaka unapobenuka kwenda nje, mstari mnyoofu hukatiza ndani ya mkunjo na kuacha kipande chembamba bila kuhesabiwa. Unapobonyea kwenda ndani, hesabu huzidi. Ukubwa wa kosa hilo unaweza kukisiwa bila kurudi shambani. Vipande sita vikokotolewe upya kwa vituo vya kila mita 20: nusu ya ncha ni 17.0, katikati ni 26.6 na 25.8, jumla ni 69.4, mara 20 ni 1,388. Kupunguza umbali kutoka mita 20 hadi 10 kumeongeza mita za mraba 22. Kwa mpaka unaopinda taratibu, umbali ukipungua nusu, kosa hubaki takriban robo, kwa hiyo hizo 22 ni robo tatu za kosa la mwanzo. Lililobaki ni kama theluthi ya 22, yaani mita za mraba 7 hivi. Kijito chenye kona kali hakifuati kanuni hiyo. Hapo kipimo cha ziada huwekwa kwenye kona yenyewe.

Kosa lisiloonekana kwenye picha ni la kamba. Futikamba iliyonyooka kwa asilimia 1 huharibu vipimo vya pande zote mbili, na eneo huharibika kwa karibu asilimia 2, zaidi ya mita za mraba 29 hapa. Kamba ikilazwa juu ya mteremko hutoa urefu wa mteremko, ilhali eneo la kiwanja ni la usawa. Kwenye mteremko wa nyuzi 10 tofauti ni kama asilimia 1.5 kwa kila urefu uliopimwa kuelekea chini au juu, na milima ya Usambara haikosi miteremko mikali kuliko huo.

Ikiongezwa ile sehemu iliyokatwa na trapeza, jibu la bustani hii ni karibu mita za mraba 1,465. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo ni ekari 0.36. Desimali za ziada hazina maana kwa kamba ya kawaida. Kiasi hicho kinatosha kukadiria mbegu, mbolea au kodi ya shamba; kwa hati miliki mpaka hupimwa upya na mpima ardhi aliyesajiliwa.